Kubaini dhana potofu kuhusu pembe na maumbo: swali la kuchagua, la kweli au si kweli, au la kuchora?

Mwalimu wa Darasa la Tano hadi la Saba anayetaka kujua wanafunzi wake wanafikiri nini hasa kuhusu pembe na maumbo ana aina tatu za maswali za kuchagua. Anaweza kuwapa maswali ya kuchagua herufi, anaweza kuwapa kauli waseme kama ni kweli au si kweli pamoja na sababu, au anaweza kuwaambia wachore. Kila aina ina watetezi wake. Katika ulinganisho huu ninazipima kwa dhana potofu moja baada ya nyingine, kwa sababu aina inayofichua kosa moja vizuri inaweza kulificha kabisa kosa jingine.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Mtihani wa kawaida unauliza ni wanafunzi wangapi wamepata, lakini jaribio la kubaini dhana potofu linauliza aliyekosa amefikiri nini. Kwa hiyo swali zuri la aina hii ni lile ambalo kila jibu lake lisilo sahihi lina chanzo kimoja tu kinachojulikana. Jibu baya likiweza kutokana na mawazo mawili tofauti, mwalimu anabaki anakisia, na anaweza kurudia somo zima bila kuligusa tatizo lenyewe.

Urefu wa mikono ya pembe

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba pembe yenye mikono mirefu ni kubwa kuliko yenye mikono mifupi. Walimu wengi wanaoijua huichunguza kwa kuchora ubaoni pembe mbili za nyuzi 40, moja ikiwa na mikono ya sentimita 30 na nyingine ya sentimita 10, kisha wanauliza ipi ni kubwa. Mwanafunzi anayechagua ile ya mikono mirefu huandikiwa kwamba amedanganywa na urefu.

Hapo ndipo swali linapokosa uangalifu. Kuna wanafunzi wasiojali urefu wa mikono hata kidogo, bali wanaangalia nafasi iliyopo kati ya ncha mbili za mikono. Katika mchoro ule, pembe yenye mikono mirefu ndiyo pia yenye ncha zilizo mbali zaidi, kwa hiyo makundi yote mawili yanachagua jibu moja. Yanaonekana sawa, ilhali yanahitaji maelezo tofauti.

Swali la kuchagua linaweza kurekebishwa ili liyatenganishe. Chora pembe tatu, zote zikiwa na kipeo upande wa kushoto na mkono mmoja uliolala, na uziwekee alama za tao zenye ukubwa uleule, tuseme sentimita 5 kutoka kwenye kipeo, ili tao lisije likawa sababu nyingine ya kuchagua. Pembe K iwe ya nyuzi 15 yenye mikono ya sentimita 30. Pembe L iwe ya nyuzi 50 yenye mikono ya sentimita 10. Pembe M iwe ya nyuzi 35 yenye mikono ya sentimita 20. Kisha uliza: pembe ipi ni kubwa kuliko zote?

Jibu sahihi ni L. Katika K ncha za mikono ziko umbali wa karibu sentimita 8, katika L ziko umbali wa takribani sentimita 8 na nusu, na katika M ziko umbali wa sentimita 12. Hivyo anayechagua K anaongozwa na urefu wa mikono, kwa maana pembe hiyo haina kingine cha kumvutia. Anayechagua M anaongozwa na nafasi kati ya ncha. Herufi moja tu inamwambia mwalimu mwanafunzi yuko wapi.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu dawa ya kawaida inamsaidia mmoja na kumwacha mwingine palepale. Mwalimu akiunganisha vipande viwili vya boksi kwa pini, akavikata vifupi kwa mkasi bila kuvisogeza, yule wa K ataona kwamba mikono imepungua na uwazi haukubadilika. Yule wa M anapotazama kitendo hichohicho anaona ncha zimekaribiana, na anathibitisha kwamba pembe imepungua. Huyu anahitaji kuiona pembe kuwa ni kiasi cha kugeuka. Mwonyeshe saa kubwa ya ukutani na saa ndogo ya mkononi, zote zikiwa zinaonyesha saa tatu kamili. Mshale wa dakika unaonekana umetengana na wa saa kwa robo ya mzunguko katika saa zote mbili, ingawa ncha za mishale ya saa ya ukutani ziko mbali zaidi. Kisha mfanye asimame na kugeuka mwenyewe robo mzunguko, mara moja mikono ikiwa imenyooshwa na mara nyingine ikiwa imekunjwa.

Tulinganishe sasa na kauli ya kweli au si kweli: «Ukirefusha mikono ya pembe ya nyuzi 50, pembe hiyo inazidi nyuzi 50. Kweli au si kweli? Toa sababu.» Kauli hii ni rahisi kuandika, lakini kwa dhana hii ni dhaifu. Wanafunzi waliowahi kunakili ubaoni kwamba ukubwa wa pembe hautegemei urefu wa mikono wataandika «si kweli» na watairudia sentensi hiyo kama sababu, kisha baadhi yao watachagua K mara tu watakapowekewa mchoro. Wanaikumbuka kanuni, lakini macho yao bado yanapima urefu.

Swali la kuchora linafanya kazi nzuri zaidi, ilimradi litungwe kwa uangalifu. Ukisema tu «chora pembe kubwa kuliko hii», mwanafunzi anaweza kuchora pembe kubwa yenye mikono mirefu pia, na usijue alibadilisha kipi kwa makusudi. Sema hivi: «Chora pembe kubwa kuliko hii, lakini mikono yake iwe mifupi kuliko ya hii.» Mwenye dhana potofu atakwama, au atakuambia kwamba haiwezekani, na kauli hiyo ni ushahidi wa wazi kuliko herufi yoyote. Udhaifu wake ni kwamba ni lazima uzungukie madaftari yote. Kwa dhana hii, basi, ningeanza na K, L na M kwa darasa zima, kisha ningewapa swali la kuchora wale tu waliochagua K au M.

Kusoma kipimapembe

Hapa swali la kuchagua linashinda bila ushindani, kwa sababu makosa yanazaa namba, na namba zinaweza kupangwa. Kweli au si kweli haina nafasi ya maana.

Tuanze na swali lisilofaa. Mkono mmoja wa pembe uko kwenye sifuri ya kipimapembe, na mwingine unapita kwenye 90. Skeli ya nje na ya ndani zinakutana kwenye 90, kwa hiyo anayesoma skeli isiyo yake anapata jibu sahihi kama mwenzake. Tena, mkono ukiwa kwenye sifuri, mwanafunzi anayesoma tu namba ya mwisho bila kuangalia alikoanzia naye hagunduliki. Swali kama hili likipatwa na darasa zima halithibitishi lolote.

Swali lililo bora linaanza mbali na sifuri. Ukichagua mkono mmoja upite kwenye 20 na mwingine kwenye 70, namba za skeli ileile, jibu sahihi ni nyuzi 50. Anayesoma mwisho tu atasema 70, na anayesoma mwisho huohuo kwenye skeli nyingine atasema 110. Kuna pia anayesema 90. Huyo aidha amejumlisha 20 na 70, au amechanganya skeli, yaani ametoa 20 ya skeli moja kutoka 110 ya nyingine. Vyanzo viwili vimekutana kwenye jibu moja, jambo tulilokubaliana kuliepuka.

Badilisha 20 iwe 30, na mkono wa pili ubaki kwenye 70. Jibu sahihi sasa ni nyuzi 40. Anayesoma namba ya mwisho anapata 70. Anayesoma mwisho kwenye skeli isiyo yake anapata 110. Anayechanganya skeli anapata 80, kwa kutoa 30 kutoka 110. Anayejumlisha anapata 100. Kila kosa lina namba yake, na hivyo ndivyo vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi ya kuchagua, vinavyopaswa kuwa. Weka jibu sahihi na vipotoshi vitatu, kwa mfano 40, 70, 80 na 110, na umwachie mwanafunzi aliyepata namba nyingine nafasi ya kuiandika pembeni. Nafasi hiyo ndogo ina manufaa makubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu bila hiyo mwenye kosa usilolitarajia atalazimika kukisia.

Maelezo kwa mwalimu ni mafupi. Aliyesema 110 hajazoea kujiuliza, kabla ya kusoma namba yoyote, kama pembe iliyo mbele yake ni kali au butu. Mzoeshe kulisema neno hilo kwanza, kwa kuwa pembe kali haiwezi kuwa ya nyuzi 110. Aliyesema 70 anaisoma namba kana kwamba ni mahali, hajaona kwamba anahesabu hatua kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwambie aweke kidole kwenye 30 na ahesabu kwa makumi hadi 70: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Aliyesema 80 anajua kwamba ni lazima kutoa, na hilo ni jambo la kumpongeza. Anachohitaji ni kufuata safu moja ya namba kwa kidole bila kuruka kwenda ya pili.

Kuna kosa moja ambalo swali la kuchagua haliwezi kulinasa. Vipimapembe vingi vya plastiki vilivyomo kwenye mikebe ya hesabu vina mstari wa msingi uliochorwa juu kidogo ya ukingo wa chini, na baadhi ya wanafunzi huweka kipeo kwenye ukingo badala ya kwenye kitovu cha mstari huo. Dalili yake ni majibu yanayopishana na jibu sahihi kwa nyuzi chache kila mara, hata mwanafunzi akisoma skeli iliyo sawa. Hili linaonekana tu akipima kwa mkono wake na wewe ukitazama.

Mraba na mstatili

Mambo yanageuka tunapofika kwenye maumbo. Fikiria swali la kuchagua lenye michoro minne: mstatili uliolala, mstatili ulioinamishwa, mraba na msambamba usio na pembe mraba. Mwanafunzi anaulizwa ni umbo lipi si mstatili. Jibu sahihi ni msambamba. Anayechagua mstatili ulioinamishwa ana tatizo la mkao, yaani kwake umbo ni lazima lilale sambamba na ukingo wa karatasi. Tatizo hilohilo ndilo linalomfanya auone mraba uliosimama kwenye kona yake na kuuita almasi, au uru la karata. Kwa huyu swali la kuchagua linatosha, na dawa yake ni kumwambia azungushe daftari lenyewe na ajiulize ni upande gani au pembe gani iliyobadilika.

Anayechagua mraba ndiye anayetusumbua. Herufi yake inasema ameukataa mraba, lakini haisemi kwa nini, na sababu ndiyo yote tunayoitafuta. Hapa kauli yenye sababu ndiyo chombo cha kutumia: «Kila mraba ni mstatili. Kweli au si kweli? Toa sababu kwa sentensi moja.»

Majibu yanayokuja huangukia mafungu machache. Wa kwanza anaandika: «Si kweli, kwa sababu mstatili una pande mbili ndefu na mbili fupi.» Huyu hakubuni. Ameelezwa hivyo, au ameona mistatili ya aina hiyo tu tangu madarasa ya chini, na kwake urefu kutofautiana na upana ni sharti la kuitwa mstatili. Wa pili anaandika: «Si kweli, kwa sababu mraba ni mraba na mstatili ni mstatili.» Huyu bado anayatambua maumbo kwa sura nzima, kama mtu anavyomtambua jirani yake kwa uso, bila kuhesabu sifa zake.

Wa tatu ndiye ambaye swali la kuchagua lisingemwona kamwe. Anaandika: «Kweli, kwa sababu yote yana pande nne.» Jibu lake ni sahihi na sababu yake ni mbovu, kwa kuwa kwa sababu hiyo trapeza nayo ingekuwa mstatili. Angepewa herufi tu, angepata alama na angeondoka na dhana ambayo baadaye ingemkwaza zaidi kuliko ya wenzake waliokosa. Sababu inayokubalika ni ile inayotaja kwamba mraba una pande nne na pembe zake zote nne ni pembe mraba, kwa hiyo unatimiza kila sharti la mstatili. Akiongeza kwamba una sharti moja la ziada, la pande zote kuwa sawa, amefika.

Wanandoa wa Kiholanzi, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, walieleza mwaka 1957 katika tasnifu zao za Chuo Kikuu cha Utrecht kwamba mwanafunzi hupita ngazi katika kufikiri kuhusu maumbo. Kwanza hulitambua umbo kwa sura yake yote, kisha huziona sifa zake, na baada ya hapo ndipo hutambua kwamba sifa moja inafuata kutokana na nyingine na kwamba umbo moja linaweza kuwa sehemu ya kundi la jingine. Walisisitiza kwamba mwanafunzi hairuki ngazi, na kwamba mwalimu anayezungumza kwa lugha ya ngazi ya tatu haeleweki kwa aliye kwenye ya kwanza. Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi wa fungu la pili kwamba «mraba ni mstatili maalumu» hakumfikishi popote. Anayaona maneno hayo kuwa amri.

Kwa wa fungu la kwanza, chukua karatasi ya mstatili na rula. Weka rula juu ya karatasi, sambamba na upande mfupi, uisogeze polepole ili sehemu inayoonekana ipungue urefu. Uliza kila hatua kama umbo lililobaki bado ni mstatili na kwa nini. Watakubali, wakitaja pembe mraba nne. Endelea hadi urefu ulingane na upana, kisha uliza kama kuna pembe yoyote iliyobadilika wakati huo. Mjadala utakaofuata ni wao kwa wao, na ni afadhali mwalimu anyamaze kwa muda. Kwa wa fungu la pili anza chini zaidi: wape pembenne kumi zilizokatwa kwenye boksi na uwaagize watenganishe zenye pembe mraba nne na zisizo nazo, bila kutaja jina la umbo hata moja.

Swali la kuchora linaweza kutumika pia, kwa mfano «chora mistatili mitatu inayotofautiana kadiri uwezavyo». Kama hakuna hata mmoja ulioinama wala wenye pande sawa, unajifunza kitu. Lakini kutochora si kukana, na kwa hiyo nisingelitegemea peke yake.

Kimo cha pembetatu

Wanafunzi wengi wanaamini kwamba kimo cha pembetatu ni lazima kiwe ndani ya pembetatu, au kwamba upande wowote unaopanda juu kutoka kwenye kitako unafaa kuitwa kimo. Imani hizi mbili hazionekani mradi kila pembetatu ubaoni imekaa kwenye kitako kipana na kilele kikiwa katikati.

Kwenye karatasi ya miraba midogo, weka nukta A, kisha B ikiwa miraba 6 kulia kwake, halafu C ikiwa miraba 3 kulia kwa B na 4 juu. Pembetatu ABC ina pembe butu kwenye B, na kilele chake C kinaning'inia nje ya kitako. Kimo chake ni 4, na kinashuka kutoka C hadi kwenye mstari wa AB ulioendelezwa kupita B. Namba zimechaguliwa makusudi: upande BC una urefu wa 5 kamili, kwa kuwa 3, 4 na 5 ni pande za pembetatu mraba, na hivyo mwalimu anaweza kuuandika kwenye mchoro.

Ukiuliza eneo kwa swali la kuchagua, vipotoshi vinajipanga vyenyewe. Jibu sahihi ni 12, yaani nusu ya 6 mara 4. Aliyeutumia upande BC kama kimo anapata 15. Aliyepata kimo sawa na akasahau nusu anapata 24, na aliyefanya makosa yote mawili anapata 30. Ni swali zuri, na kwa darasa kubwa ningelikubali.

Hata hivyo, swali la kuchora linaonyesha zaidi: «Chora kwa penseli kimo cha pembetatu hii kutoka kwenye kilele C hadi kwenye mstari wa kitako AB.» Baadhi watapitisha penseli juu ya BC. Wengine watachora mstari kutoka C hadi katikati ya AB, mstari ulioinama, kwa sababu wamezoea kwamba kimo kinafika katikati. Na wapo watakaosimamisha mstari wima kutoka B kwenda juu hadi ugonge upande AC. Hawa wa mwisho wanajua kwamba kimo hukutana na kitako kwa pembe mraba, lakini hawakubali kitoke nje, hivyo wanakihamishia ndani. Katika swali la kuchagua hawana jibu lao, kwa sababu mstari wao una urefu wa miraba miwili na theluthi mbili, na hakuna mtungaji ambaye angefikiria kuweka eneo la 8 kati ya vipotoshi kabla ya kuiona michoro hiyo.

Hii ndiyo hoja kubwa ya kuchora. Swali la kuchagua linanasa makosa ambayo mwalimu tayari anayajua, ilhali kuchora kunamletea yale asiyoyajua. Mada ambayo hujawahi kuichunguza, ianze kwa kuchora au kwa jibu la wazi, ukusanye makosa halisi, na mwaka unaofuata uyageuze kuwa vipotoshi.

Kwa maelezo, mruhusu mwanafunzi ageuze karatasi hadi AC iwe kitako. Kimo kutoka B sasa kimo ndani, na mashaka yanapungua. Kisha mrudishe kwenye mkao wa kwanza na umwambie aweke rula kwenye AB na kuuendeleza mstari kabla ya kushusha kimo. Wengi wanakwama kwa sababu hawajui kwamba wanaruhusiwa kuuendeleza.

Jumla ya pembe za pembetatu

Hili halihitaji maneno mengi. Karibu kila mwanafunzi wa Darasa la Sita atakuambia kwamba jumla ni nyuzi 180. Usimuulize hilo. Chora pembetatu, ikate kwa mstari kutoka kileleni hadi kwenye kitako, na uulize jumla ya pembe za kila kipande: 90, 180, 360 au haiwezi kujulikana. Anayesema 90 anaigawa jumla kama anavyoligawa eneo, na hajatambua kwamba mkato umezaa pembe mbili mpya kwenye kitako, ambazo pamoja ni nyuzi 180. Swali la kuchagua linatosha, na kurarua kona tatu za kila kipande na kuzipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka kunatosha kuwa maelezo.

Muda na ukubwa wa darasa

Uchaguzi hauwezi kufanywa bila kuhesabu muda. Tuseme darasa lina wanafunzi 80 na jaribio lina maswali manne ya kutoa sababu. Hizo ni sentensi 320. Kila moja ikichukua nusu dakika kusomwa na kuwekwa kwenye fungu lake, mwalimu anahitaji dakika 160, ambazo ni sawa na vipindi vinne vya dakika 40. Maswali yaleyale yakiwa ya kuchagua, kila mwanafunzi anainua kipande cha boksi chenye herufi kwa pamoja, hesabu ikifika tatu ili asimwangalie jirani, na mwalimu anaandika idadi ya kila herufi palepale.

Upande wa pili wa mizani ni kubahatisha. Darasa lote la 80 likibahatisha, kauli ya kweli au si kweli isiyo na sababu itaonyesha kwamba takribani 40 wanaelewa, na swali la herufi nne litaonyesha takribani 20. Kauli bila sababu, basi, isitumike kamwe kwa kazi hii. Kama huna muda wa kusoma sababu, tumia herufi nne.

Kwa darasa kubwa, ningepanga kipindi kimoja hivi: maswali matatu ya kuchagua, yaani pembe K, L na M, kipimapembe cha 30 na 70, na pembetatu iliyokatwa, kauli moja ya mraba na mstatili yenye sababu, na mchoro mmoja wa kimo. Sababu na michoro visomwe vya madawati machache tu kwanza, yakichaguliwa kutoka mbele, katikati na nyuma. Mafungu mapya yakiacha kujitokeza, umeshaona karibu yote yaliyopo. Kwa darasa la wanafunzi 30 au pungufu ningeongeza kuchora na kupunguza herufi.

Majibu yasigeuzwe kuwa alama za ripoti. Mwanafunzi anayejua kwamba anapimwa atatafuta jibu la mwalimu, na wewe unalitaka lake. Pia usitangaze jibu sahihi mara tu baada ya kuhesabu herufi. Waketishe aliyechagua K na aliyechagua L pamoja, kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini, kisha urudie kura. Ikiwa wachache ndio waliobaki na K, wachukue pembeni na vipande vya boksi. Ikiwa ni zaidi ya nusu ya darasa, somo lenyewe lirudiwe kwa kuanzia kwenye kugeuka.

Jaribio la marudio lifanywe baada ya wiki mbili au tatu kwa namba nyingine, zenye mpangilio uleule wa makosa. Kwa pembe tatu, K iwe nyuzi 20 na mikono ya sentimita 25, L nyuzi 60 na sentimita 9, M nyuzi 45 na sentimita 18. Kwa kimo, B iwe miraba 5 kulia kwa A, na C miraba 8 kulia kwa B na 6 juu. Upande BC utakuwa 10, eneo sahihi litakuwa 15, na makosa yatajitokeza kama 25, 30 na 50.